Zilikuwa methali kumi na moja, zikabaki mbili

Mara ya kwanza kusemea ukoo wetu mbele ya wazee wa watu nilitozwa faini ya shilingi 20,000, na ilikuwa haki yangu. Tulikuwa Pangani, watu sita, tumepeleka posa ya binamu yangu. Msemaji wetu wa siku zote alikuwa hawezi mgongo, kwa hiyo nikasukumwa mbele mimi. Nauza vipuri vya pikipiki, nashinda nikiongea na wateja kutwa, wakaona hilo linatosha.

Usiku wake nilikuwa nimekaa na daftari nikikusanya methali, maana kwa akili yangu kusema mbele ya wazee bila methali ni kupeleka wali bila mchuzi. Nilipofika mahali pa kumsifu binti nikaitoa ile niliyoipenda kuliko zote. Nikasema, "Wazee wangu, sifa za binti yenu hatukuletewa na mtu, tumezisikia zenyewe. Wahenga walisema, kizuri chajiuza..." Nikanyamaza ili wazee wamalizie.

Hakuna aliyemalizia. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango aliweka kikombe chake cha kahawa chini, akarekebisha kofia, ndipo akasema taratibu, "Kibaya chajitembeza. Haya mwanangu, hapa leo nani kajitembeza?"

Tulitoka Tanga na basi la asubuhi. Waliojitembeza tulikuwa sisi. Watu walicheka mpaka nyuma ya pazia, walikokuwa kina mama, nikasikia mtu akipiga kofi la goti. Wakatutoza faini ya ulimi, tukalipa, mambo yakaendelea na binamu yangu kaoa. Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Lakini niliona pia kwamba yule mzee angekuwa na neno moyoni, kama posa yetu ingekuwa haimpendezi, mimi mwenyewe nilikuwa nimempa fimbo ya kutupigia.

Ba'mkubwa alikuwa mmoja wa wale sita. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu wa maneno machache. Njiani hakusema kitu. Tulipopita Tongoni ndipo akanigeukia: "Methali uliyosema si mbaya. Ila methali ina miguu. Ukiiachia tu, inazunguka mkeka mzima kumtafuta mwenyewe. Wewe ulimwonyesha binti, yenyewe ikamwona bwana harusi."

Baada ya miaka miwili ikafika zamu ya mdogo wangu. Anachomelea mageti na madirisha, na binti aliyempenda ni wa Korogwe. Mshenga akaenda, akarudi na habari njema, tukapewa siku ya kupeleka barua. Ba'mkubwa akasema nitasema mimi tena. Nilidhani ananitania. Akaniambia niende kwake Alhamisi baada ya Isha na hotuba imeandikwa.

Nikaenda na karatasi mbili zilizojaa. Alisoma mstari wa kwanza na wa mwisho, akanirudishia. "Hii nitaisoma baadaye. Kwanza niandikie habari yenyewe, kavu, kama unamtumia mtu ujumbe wa simu na salio linaisha."

Nikaandika palepale kwake, juu ya meza ya plastiki:

"Shikamooni wazee wangu. Sisi tumetoka Tanga, na mshenga alishatutangulia. Tunamwombea kijana wetu amwoe binti yenu. Kijana ana miaka 29, kazi yake ni kuchomelea vyuma, hajawahi kuoa. Barua yetu ni hii. Hatuombi jibu leo. Tunaomba mtuambie taratibu zenu, na kama kuna hatua tumeiruka, mtusahihishe."

Akaisoma kwa sauti huku akitazama saa ya ukutani. Haikufika dakika moja. Akasema hiyo ndiyo hotuba, na kama nitasahau yote siku hiyo, nikisema hayo tu kwa adabu tutakuwa tumefanya kazi tuliyotumwa. Ndipo akachukua zile karatasi zangu mbili na kalamu nyekundu. Ualimu hautoki mwilini.

Zilikuwamo methali kumi na moja. Kabla ya kuzigusa alinitaka nimchoree mkeka. Nikadhani ni maneno tu, kumbe ana maana ya kuchora. Nikachora kisanduku kirefu, akaniambia niandike nani atakaa wapi: baba wa binti, ba'mdogo wake, imamu wa msikiti wa mtaani kwao, majirani wawili, na nyuma ya pazia kina mama. Halafu tukaanza kupitisha methali moja moja. Kwa kila mtu swali lilikuwa lilelile: huyu akidhani imesemwa kwa ajili yake, atasikia nini?

Nyingine zilianguka kwa haraka. Nilikuwa nimefungua na "mbiu ya mgambo ikilia ina jambo." Ba'mkubwa akasema mbiu hupigwa kukiwa na balaa au amri, na isitoshe siku hizi ukisema mgambo watu wanawaza wale wanaobomoa vibanda. Nilikuwa na "mgaagaa na upwa hali wali mkavu" ya kuonyesha kwamba mdogo wangu ni mtafutaji, na "mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani" ambayo, nikisema kweli, niliiweka kwa sababu inasikika vizuri. Zote mbili ni za watu wa bahari. Korogwe kuna mto, mlima na mkonge. "Wakikuuliza upwa ni nini, utaacha posa uanze kufundisha," akasema, akapiga mstari. "Penye nia pana njia" aliipigia mstari bila hata kuinua kichwa, akanong'ona tu, "Ya mtihani wa darasa la saba." "Haba na haba hujaza kibaba" niliiweka mwishoni kwa kuchangamsha, akaniuliza kama nimetumwa kuanza kuomba kulipa mahari kwa mafungu kabla mahari hayajatajwa.

"Mkataa pema pabaya panamwita" nilijitetea kidogo. Nikasema inasifu familia yetu. Akaniambia nikae upande wa pili wa meza, nijifanye baba wa binti, akaniambia methali ile akinitazama machoni. Niliisikia. Ni tishio. Maana yake, mkitukataa sisi mtaona. Hata ukiisema unatabasamu, baba mwenye binti ataisikia hivyohivyo.

"Samaki mkunje angali mbichi" nayo ilikuwamo, nikiwa na maana kwamba vijana wote wawili bado wanafundishika. Ba'mkubwa akaiweka kwa kina mama nyuma ya pazia. Mama aliyemlea mtoto wa kike, anasikia ukoo wa mwanaume unazungumzia kumkunja samaki. Sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Ile ya Pangani, kizuri chajiuza, nilikuwa nimeirudisha pia. Siwezi kueleza kwa nini. Nadhani nilitaka kulipiza kisasi, safari hii niiseme vizuri. Akaikata mara mbili.

Iliyotuchukua muda ni "asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Niliiona haina kasoro. Nilikuwa nimeipanga hivi: binti anasifika kwa adabu, na adabu hiyo inaonyesha amefunzwa na mama yake, wala hakungojea ulimwengu. Ba'mkubwa naye alisema ni nzuri. Ila akauliza, "Mama yake unamjua?" Nikasema nitamwona siku hiyo. Akachukua simu akampigia mshenga, saa nne kasoro usiku.

Mshenga akasema mama wa binti alifariki binti akiwa na miaka minne. Amelelewa na shangazi yake, na huyo shangazi ndiye atakayekuwa mwenyeji wetu, ndiye atakayepika.

Nilikaa kimya. Ningeisema ile methali mbele ya baba mjane, na shangazi aliyetoa miaka yote ile akiisikia nyuma ya pazia, na mwenyewe binti labda yuko jikoni. Kwa methali yangu, mtoto asiyefunzwa na mama mzazi amelelewa na barabara. Hakuna ambaye angenitoza faini kwa hilo. Wangenyamaza, wangetupa chakula, na sisi tungerudi Tanga tukisifu ukarimu wao bila kujua kwa nini jibu linachelewa.

Tangu usiku ule, methali yoyote inayotaja mama, baba, mtoto, umaskini, uzazi au ugonjwa siisemi mpaka nimuulize mtu anayeijua nyumba ninayokwenda. Mshenga yuko kwa kazi hiyo. Watu humtumia kupeleka bahasha tu, wakati yeye ndiye anayejua nani alifiwa, nani aliachwa, nani hasemi na nani.

Kufika saa tano usiku zilibaki mbili. Moja ilikuwa "mtu hakatai wito, hukataa aitiwalo." Nyingine "jungu kuu halikosi ukoko." Nikamuuliza kwa nini hizo. Akasema zisome ukiwa umekaa kwenye kila kisanduku, uone kama kuna anayepungukiwa. Kweli, hakuna. Ya kwanza inawapa wenye binti nafasi ya kukataa bila aibu, na mwenye kupewa nafasi ya kukataa hafanyi haraka ya kukataa. Ya pili inawasifu kwa umri wao, na inakwenda sambamba na ombi letu: tuambieni taratibu zenu. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwa nimekiona. Zile nyingine nilikuwa nimezitafuta kwanza kisha nikazitafutia mahali. Hizi mbili, ukiziondoa, unabaki na pengo kwenye ile hotuba kavu, kwa sababu zinafanya kazi ambayo maneno ya kawaida yangeifanya kwa ukavu mno. Mtu hawezi kuwaambia wazee, "mna ruhusa ya kukataa." Ni ufidhuli. Kwa methali inasemeka.

Akanirekebishia na mambo mawili ya usemaji. Nilikuwa nimeandika "wahenga walisema" mara saba. Akasema kwa watoto wa shule hiyo ni sawa, lakini mbele ya watu wa miaka 70 ni kama kumwambia mtu habari za nyumbani kwake. Waambie "mlitufundisha wenyewe." Methali inakuwa mali yao, wewe umeirudisha tu. Na nisiseme "yaani" baada ya methali. Ukieleza, umewaambia hawajaelewa.

La pili ni namna ya kuiacha nusu. Pangani niliiacha nusu kama mtu anayetega mtego, nikawatazama. Ba'mkubwa alinifundisha kuiacha sauti juu, isishuke, macho yaelekee chini kwenye mkeka, kisha nihesabu moja, mbili. Wakimalizia, nashukuru naendelea. Wasipomalizia, naimalizia mwenyewe polepole kana kwamba nilikuwa navuta pumzi. Wazee wasiomalizia wanakuwa wamekuambia kitu: ama hawaijui, ama hawajaridhika na mgeni. Kwa vyovyote vile, ile nyingine uiache mfukoni.

Tulikwenda Jumapili, watu saba, kupitia Muheza na Segera. Nyumba ilikuwa na baraza pana, mikeka miwili imeunganishwa. Tulikaribishwa, tukasalimiana, tukaulizana habari za safari na za mvua. Kisha ba'mkubwa akaomba ruhusa kwa niaba yetu na kusema kijana wake ana maneno mawili. Nikasema hivi:

"Assalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu, na shikamooni mama zetu mlioko ndani. Sisi tumetoka Tanga, na mshenga wetu alishatutangulia hapa. Tulipoomba kuja mkatuitikia, tunashukuru sana. Mlitufundisha wenyewe kwamba mtu hakatai wito..."

"Hukataa aitiwalo!" Walijibu watatu kwa pamoja, imamu akacheka. Nikaendelea.

"Ndiyo wazee wangu. Tulilojia ni hili. Tuna kijana wetu, ana miaka 29, kazi yake ni kuchomelea vyuma na hajawahi kuoa. Ametuambia moyo wake uko kwenye nyumba hii, nasi tumeridhika naye. Tunamwomba binti yenu awe mkewe, kwa ndoa. Barua yetu ni hii. Sifa tunazozisikia za malezi ya nyumba hii zimetufikia mpaka kwetu, na aliyeyafanya malezi hayo, tunamshukuru hata kabla hamjatujibu. Hatuombi jibu la leo. Taratibu za huku hatuzijui zote, na pengine kuna hatua tumeiruka. Lakini tumekuja kwa wakubwa, na jungu kuu..."

"Halikosi ukoko," akasema baba wa binti, peke yake, kwa sauti ndogo.

"Basi tunaomba mtuelekeze. Nimemaliza."

Ile sentensi ya aliyeyafanya malezi tuliiongeza usiku uleule baada ya kuongea na mshenga. Haina methali wala mapambo. Nyuma ya pazia kukawa kimya, kisha nikasikia mtu anavuta kamasi. Baadaye, wakati wa kula, shangazi alitoka mwenyewe kuja kutusalimia mmoja mmoja. Mshenga aliniambia hajawahi kumwona akifanya hivyo kwa wageni.

Ila kuna dakika moja nilisahau kuisimulia, na ndiyo iliyokuwa ya hatari. Baada ya barua kufunguliwa na pesa ya kufungulia kuhesabiwa, ba'mdogo wa binti akasema wameipokea, watakaa na ndugu zao wa Handeni, na "haraka haraka haina baraka." Kwetu alikuwepo kijana mmoja, binamu yule aliyeoa Pangani, mdomo mwepesi. Nilimwona anavuta pumzi na nikajua anachotaka kusema, kwa sababu hata mimi ilikuwa imenijia: ngoja ngoja huumiza matumbo. Ba'mkubwa alimwekea mkono gotini. Kijana akameza.

Kila methali ina mwenzake wa kuipinga, na mtoto yeyote aliyesoma Kiswahili anaweza kujibizana hivyo mpaka kesho. Vijiweni ni raha tupu. Lakini mzee akisema haraka haraka haina baraka mbele ya barua yako, hajaanzisha mchezo. Ametoa uamuzi, na uamuzi ni kwamba leo hujibiwi. Ukimjibu kwa methali umekata rufaa. Ba'mkubwa alijibu kwa neno moja tu, "Tumepokea," na tukala. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, pamoja na orodha ya mahari, kilemba na mkaja, iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

Basi mimi nikaanza kujiona nimefuzu. Mtaani wakawa wananiita kwenye shughuli zao. Hapo ndipo lilipokuja la mwaka uliofuata, na hilo silisimulii kwa raha.

Kijana mmoja wa bodaboda, mteja wangu, alimgonga mtoto wa miaka tisa jioni, kwenye barabara ya mtaa wa jirani. Mtoto akavunjika mguu chini ya goti. Mambo ya polisi yalikwenda kwa njia yake. Lakini wazee wa mtaa wetu walisema hatuwezi kukaa tu, lazima twende kwa babu ya mtoto, tuombe radhi na tukubaliane gharama. Tukaenda wanne: baba wa kijana, mjumbe wa mtaa wetu, mzee mmoja jirani, na mimi msemaji.

Nilikuwa nimejiandaa kama kawaida. Hotuba kavu kwanza, kisha methali moja tu, "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Nilikuwa nimeipitisha kwenye mkeka, kila mtu nimemkalisha mahali pake, nikaona haimgusi mtu vibaya. Inazungumzia kupatana. Nilikuwa na uhakika nayo.

Babu alitupokea barazani. Hakutuletea chai, na hakuwa na sababu ya kutuletea. Mtoto alikuwa ndani, mlango uko wazi nusu, na kutoka nilipokaa nilikuwa naona plasta nyeupe ya mguu imelazwa juu ya mto wenye foronya ya maua. Tukasalimiana. Yule mzee jirani yetu, kwa nia njema kabisa, akatangulia kusema kabla yangu. Akasema tumesikitika sana, lakini ndiyo dunia, ajali haina kinga.

Babu akamtazama. "Ina kinga," akasema. "Kinga yake breki."

Hakuna aliyesema kitu. Baba wa kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa na methali yangu mdomoni, na ghafla nikaisikia kama ambavyo babu angeisikia. Yaliyopita. Mguu uko pale kwenye mto, haujapita. Na nani anayesema si ndwele? Sisi tuliougonga. Nilipoipitisha kwenye mkeka nilikuwa nimeuliza itamfikia nani, nikasahau kuuliza inatoka kinywani mwa nani. Kuna methali ambazo ni za aliyekosewa peke yake. Yeye akizisema ni msamaha. Mkosaji akizisema amejisamehe mwenyewe kwa niaba ya wahenga. Hata "kazi ya Mungu haina makosa" iko hivyo. Mfiwa anajifariji nayo, nawe unaweza kuiitikia. Lakini aliyesababisha msiba hana ruhusa ya kuitamka.

Nikaiacha. Nikasema ile kavu, tena niliifupisha nikiwa naisema. "Babu, shikamoo. Mimi natoka mtaa wa pili. Kijana wetu amemgonga mjukuu wako, na kosa ni la kijana wetu, alikuwa anakwenda mbio. Baba yake ni huyu. Tumekuja kuomba radhi. Hatukuja kukuomba uache kesi. Mmetumia pesa hospitali na mtatumia nyingine. Tunaomba utuambie ni kiasi gani, na sisi tuseme tunaweza kulipa vipi."

Baba wa kijana akashuka kwenye kiti akakaa chini kwenye sakafu. Hatukuwa tumepanga hivyo.

Babu alikaa kimya muda mrefu. Mjumbe wetu akataka kuongeza neno, nikamgusa gotini kama ba'mkubwa alivyomfanyia binamu yangu. Ndani mtoto akaomba maji, mama yake akapita na bilauri. Kisha babu akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, akaanza kutoa risiti moja moja na kuzipanga juu ya kiti: picha ya eksirei, plasta, dawa, na nauli za kwenda na kurudi zilizoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha daftari. Akaniambia, "Wewe unayesema, unajua hesabu?"

Nikasema nauza duka, najua. Nikatoa simu, tukajumlisha pamoja mara mbili, ikaja shilingi 640,000. Baba wa kijana alikuwa na 200,000 mfukoni. Iliyobaki ikagawanywa miezi minne, 110,000 kila tarehe 5. Nikaiandika kwenye karatasi mbili, wakaweka sahihi, babu akaweka dole gumba kwa wino wa kalamu yangu kwa sababu alisema macho hayamruhusu kusaini.

Tulipokuwa tunatafuta viatu mlangoni akasema, bila kumtazama yeyote, "Yaliyopita si ndwele."

Hatukuimalizia. Ndugu yake aliyekuwa amekaa kimya pembeni muda wote ndiye aliyeimalizia, naye aliimalizia kwa sauti ya chini sana. Baba wa kijana alishindwa kufunga kandambili zake, akazibeba mkononi mpaka barabarani. Tarehe 5 ya mwezi uliofuata alinipitia dukani saa moja asubuhi na 110,000 kwenye mfuko wa nailoni, akaniomba niende naye, na akaniomba pia, safari hii, nisiseme kitu.